Piperidini kidogo inatosha, soda kali ya nini?

Mwanafunzi aliyezoea mmenyuko wa aldoli hushangaa anapopewa maelekezo ya kutengeneza esta ya kumarini. Anaambiwa achanganye salisilaldehidi na dietili maloneti katika ethanoli, aongeze piperidini isiyozidi sehemu moja ya kumi ya moli za aldehidi, adondoshe tone moja la asidi ya asetiki, kisha achemshe kwa saa tatu. Hakuna chuma cha sodiamu, hakuna ethoksidi, hakuna soda kali. Tena kumewekwa asidi! Kama kazi ya besi ni kung'oa protoni kutoka kwenye kaboni, na kaboni inajulikana kwa uchoyo wa protoni zake, amini hii dhaifu inaiweza vipi? Na asidi imeitwa kufanya nini?

Mmenyuko huu hubeba jina la Emil Knoevenagel, mkemia wa Ujerumani aliyefanya kazi Heidelberg. Mwaka 1894 alieleza jinsi formaldehidi na dietili maloneti zinavyoungana kwa msaada wa dietilamini, na mwaka 1896 akaonyesha kwamba benzaldehidi na esta ya asetoasetiki huungana kwa piperidini. Kwa ujumla wake unaandikwa hivi, ambapo Ar ni pete ya kiaromatiki na Et ni kundi la ethili:

```
ArCHO + CH2(COOEt)2 → ArCH=C(COOEt)2 + H2O
```

Kaboni ya aldehidi na kaboni ya katikati ya maloneti zinashikana kwa kifungo maradufu, na maji yanatoka. Kaboni hiyo ya katikati, CH2 iliyobanwa na makundi mawili yanayovuta elektroni, ndiyo inayoitwa methilini tendaji. Swali lote la besi linaanzia hapo.

Protoni ambayo tayari imelegea

Ukali wa asidi hupimwa kwa pKa, na kila namba moja ni mara kumi. Ethili asetati, esta yenye kundi moja tu la kuvuta elektroni, ina pKa ya karibu 25. Dietili maloneti, yenye makundi mawili ya esta pande zote za CH2, ina pKa ya karibu 13. Yaani kuongeza esta moja tu kumeifanya protoni iwe rahisi kuondoka mara trilioni moja. Sababu ni kwamba protoni ikiondoka, elektroni mbili zinazobaki hazikai juu ya kaboni peke yake. Zinatawanyika hadi kwenye oksijeni za makundi yote mawili, na mzigo uliogawanywa kwa wabebaji watatu haumwelemei yeyote.

Sasa tazama upande wa amini. Piperidini ikishika protoni inakuwa ioni ya piperidiniamu, ambayo pKa yake ni karibu 11.1. Ukitoa 11.1 kwenye 13 unapata tofauti ya karibu mbili. Maana yake ni kwamba msawazo wa kupeana protoni kati ya maloneti na piperidini una thamani ya karibu 1 kwa 100: umeelemea upande wa kutochukua, lakini haujafungwa. Kwa ethili asetati tofauti hiyo ni kama 14, na thamani ya msawazo ni moja kwa trilioni mia. Hapo piperidini ingengoja milele.

Namba hizi zimepimwa katika maji. Ndani ya ethanoli, na zaidi ndani ya tolueni, zinasogea, kwa kuwa vimiminika hivyo havizistahi ioni kama maji yanavyozistahi. Mpangilio wa nani ni rahisi kuliko nani haugeuki sana, na huo ndio tunaouhitaji hapa.

Wengi hukwama katika hatua hii kwa sababu wanaamini lazima maloneti yote igeuzwe kuwa anioni kabla ya aldehidi kuingia. Si lazima. Anioni ni bidhaa inayotengenezwa na kutumika palepale. Ikitumika moja kwa aldehidi, msawazo unaitengeneza nyingine. Bomba jembamba hujaza pipa kama halifungwi, na hapa hakuna anayelifunga, kwa sababu piperidini hurudi huru kila mzunguko unapokamilika. Ndiyo maana asilimia 10 ya moli inatosha, na mara nyingine hata asilimia 2 au 5.

Amini ina kazi ya pili

Kama hadithi ingeishia hapo, amini yoyote yenye nguvu ileile ya besi ingefanya kazi sawasawa. Kuna jaribio rahisi la kuipima dhana hiyo. Trietilamini ina pKa ya karibu 10.7 ikiwa imeshika protoni, karibu kabisa na piperidini. Hata hivyo, ukiiweka mahali pa piperidini kwa benzaldehidi na maloneti, mmenyuko unajikokota. Tofauti ya 0.4 haiwezi kueleza uvivu huo. Kinachoeleza ni kwamba naitrojeni ya trietilamini imezungukwa na makundi matatu ya ethili na haina haidrojeni hata moja, ilhali ya piperidini inayo moja.

Haidrojeni hiyo moja inaipa piperidini uwezo wa kuungana na aldehidi yenyewe. Naitrojeni inaishika kaboni ya kabonili, oksijeni inapewa protoni na kuondoka kama maji, na kinachobaki ni ioni ya iminiamu: kaboni iliyoshikana kwa kifungo maradufu na naitrojeni yenye chaji chanya. Aldehidi ya kawaida inavutia elektroni kwa kiasi. Iminiamu inazitamani kwa njaa. Anioni ya maloneti, hata ikiwa chache, inaiparamia kwa haraka.

Baada ya hapo kuna kiungo cha kati ambamo kaboni ya aldehidi imebeba piperidini upande mmoja na maloneti upande mwingine. Protoni iliyobaki kwenye maloneti bado iko katikati ya esta mbili, kwa hiyo bado imelegea. Inang'olewa na besi ileile dhaifu, piperidini inafukuzwa, na kifungo maradufu kinazaliwa. Piperidini imekuja kama mshika mkono wa aldehidi na imeondoka mzima.

Sasa asidi inaeleweka. Oksijeni haiwezi kuondoka kutoka kwenye aldehidi iliyoshikwa na amini mpaka ipewe protoni, na mtoa protoni ni asidi ya asetiki au piperidiniamu iliyotokana nayo. Lakini kiasi ni muhimu sana. Asidi ikiwa nyingi kuliko amini, amini yote inafungwa na protoni. Haipo tena huru kuishika aldehidi wala kuilegeza maloneti. Asidi ikikosekana kabisa na mazingira yakawa ya besi kali, oksijeni haipati protoni na iminiamu haizaliwi. Mmenyuko huu unaishi katika uchochoro kati ya kuta hizo mbili. Besi kali inaubomoa ukuta mmoja.

Besi kali inavyoharibu

Mtu anaweza kusema: sawa, besi dhaifu inatosha, lakini kali si ingeharakisha tu? Kwa kawaida haiharakishi, na kuna sababu moja ambayo vitabu vingi huipita kwa mbio.

Tuseme umetumia ethoksidi ya sodiamu, moli moja kwa moli moja. Ethanoli ina pKa ya karibu 16, kwa hiyo maloneti karibu yote inageuka anioni. Anioni inaigonga aldehidi na kutoa alkoksidi, yaani oksijeni yenye chaji hasi, ambayo asili yake ni asidi ya pKa ya karibu 16 hivi. Umeanza na anioni tulivu na kumaliza na anioni yenye fujo. Msawazo hauipendi safari hiyo, hivyo alkoksidi inavunjika na kurudi ilikotoka. Kinachoweza kuiokoa ni protoni ya kuituliza, lakini wewe umeshazimaliza protoni zote kwa besi yako. Katika mchanganyiko wa piperidini, protoni zimetapakaa kila mahali: piperidiniamu, asidi, maloneti ambayo haijaguswa, ethanoli. Kiungo cha kati kinapata protoni papo hapo na kusonga mbele kuelekea kutoa maji.

Madhara mengine yanategemea aldehidi uliyonayo. Benzaldehidi katika soda kali iliyokolea hufanya mmenyuko wa Cannizzaro: molekuli moja inageuka pombe ya benzili, nyingine inageuka benzoeti. Butanali na aldehidi nyingine zenye haidrojeni kwenye kaboni ya jirani huanza kuungana zenyewe kwa zenyewe kabla maloneti haijapata nafasi. Esta nazo huliwa na haidroksidi hadi zinabaki chumvi za asidi ya maloniki, na hapo unapoteza esta pamoja na besi kwa wakati mmoja. Kwa salisilaldehidi, haidroksili ya fenoli, yenye pKa ya karibu 8.4, hunyang'anywa protoni kabla ya kitu kingine chochote. Oksijeni hiyo yenye chaji hasi husukuma elektroni ndani ya pete hadi kwenye kabonili, na aldehidi inakuwa goigoi.

Kazi yenyewe: ethili kumarini-3-kaboksileti

Tunachukua salisilaldehidi kwa sababu inaonyesha jambo lote na bidhaa yake ni fuwele nyeupe zinazochujika vizuri. Kumarini yenyewe, ile yenye harufu ya nyasi kavu, William Henry Perkin aliitengeneza mwaka 1868 kwa salisilaldehidi na anihidridi ya asetiki, kwa joto kubwa. Joto hilo lilihitajika kwa sababu CH3 ya anihidridi ni choyo wa protoni. Ukitumia maloneti, ethanoli inayochemka kwenye nyuzi 78 inatosha.

Kwa kiasi kidogo cha maabara ya kufundishia, pima salisilaldehidi gramu 2.44, ambayo ni milimoli 20 na ujazo wa karibu mL 2.1. Iweke kwenye chupa ya mL 50 yenye kitako cha mviringo. Ongeza dietili maloneti gramu 3.52, yaani milimoli 22 au karibu mL 3.3. Ziada hiyo ya asilimia 10 inahakikisha kwamba aldehidi ndiyo inayoisha kwanza, na hilo lina faida tutakayoiona wakati wa kupima. Mimina ethanoli mL 9, kisha piperidini mL 0.2, ambayo ni milimoli 2. Malizia kwa tone moja dogo la asidi ya asetiki isiyo na maji, karibu mL 0.02. Kwa hesabu hiyo amini inaizidi asidi kama mara sita, na ndivyo inavyotakiwa.

Piperidini inapoingia, mchanganyiko hugeuka manjano. Hiyo ni fenoli ikimpa amini protoni yake na kuwa fenoleti. Usiogope kwamba kichocheo kimekufa. Fenoleti na piperidiniamu zinaendelea kubadilishana protoni na kila kitu kilichomo, na kadiri fenoli zinavyotumika kutengeneza pete ya kumarini ndivyo piperidini inavyoachiliwa.

Weka vipande viwili vya kutuliza mchemko, funga kondensa ya maji, na uchemshe taratibu kwa saa tatu huku mvuke ukirudi chupani. Tumia bakuli la maji ya moto au kikapu cha umeme, kwani mvuke wa ethanoli na wa piperidini hushika moto. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kutolea hewa chafu, na glavu mkononi. Piperidini hupenya ngozi na kuiunguza, na harufu yake haisahauliki.

Ndani ya saa hizo tatu kunatokea mambo mawili mfululizo. Kwanza ni muungano wenyewe, ambao unatoa maji. Kisha oksijeni ya fenoli inaishambulia esta iliyo jirani, ethanoli inafukuzwa, na pete ya laktoni inafungwa. Hapa maloneti ina bahati ya ulinganifu: kwa kuwa kuna esta pande zote mbili za kifungo maradufu, lazima moja iwe upande wa fenoli. Hakuna umbo baya linalobaki njiani. Kufungika kwa pete pia ndiko kunakouvuta msawazo mbele, kwa hiyo huhitaji kuyaondoa maji. Milimoli 20 za maji ni mL 0.36 tu ndani ya mL 9 za ethanoli, na hazirudishi kitu nyuma kwa kiasi cha kuonekana.

Mambo ni tofauti kwa benzaldehidi. Haina fenoli ya kufunga pete, na bidhaa yake, dietili benzilidini maloneti, inaweza kugawanywa tena na maji. Hapo kiyeyusho hubadilishwa kuwa tolueni na kunafungwa mtego wa maji chini ya kondensa. Mtego huo una faida nyingine: unakuambia umefika wapi. Kwa moli 0.5 ya aldehidi unatarajia maji mL 9. Yakisimama kwenye mL 5 na hayaongezeki kwa saa nzima ilhali kiyeyusho kinachemka vizuri, kichocheo kimekufa, na kuongeza muda hakutasaidia.

Turudi kwenye kumarini. Ukizima moto, mimina mchanganyiko ungali wa moto kwenye chupa ya koni, na uongeze maji mL 8 yaliyopashwa hadi nyuzi 60 hivi, kidogokidogo huku ukitikisa. Uache upoe wenyewe mezani mpaka fuwele zianze kujitokeza, ndipo uuweke kwenye barafu. Chuja kwa faneli ya kufyonza, na uoshe mara mbili kwa mL 2 za mchanganyiko baridi wa ethanoli na maji nusu kwa nusu. Zikikauka, fuwele zinapaswa kuyeyuka kwenye nyuzi 91 hadi 93. Bidhaa ni C12H10O4, yenye uzito wa gramu 218.2 kwa moli, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa cha kinadharia ni gramu 4.36. Ukipata kati ya gramu 3.4 na 3.6 umefanya vizuri. Ukipata gramu 4.5, usishangilie: fuwele hazijakauka.

Namna ya kujua kama imekwisha

Maabara isiyo na sahani za kromatografia bado ina njia. Kloridi ya feriki hutoa rangi ya zambarau ikikutana na fenoli. Salisilaldehidi ni fenoli. Esta ya kumarini si fenoli, kwa kuwa oksijeni yake imefungwa ndani ya pete. Yeyusha punje chache za fuwele zilizooshwa katika ethanoli kidogo na udondoshe mmumunyo wa kloridi ya feriki wa asilimia 1. Ukibaki wa manjano hafifu, aldehidi imetoka. Ukigeuka zambarau, ama mmenyuko haujakwisha ama hukuosha vya kutosha. Ndiyo sababu tulitaka aldehidi iwe ndiyo inayoisha kwanza.

Kipimo hiki kina mitego miwili. Usikifanye moja kwa moja kwenye mchanganyiko wenye piperidini, kwa sababu amini itaigeuza feriki kuwa tope la kahawia na hutaona rangi yoyote ya maana. Ongeza kwanza tone la asidi ya asetiki. Pili, ukibadilisha maloneti na kuweka esta ya asetoasetiki, kipimo kinadanganya, maana esta hiyo ina umbo la enoli ambalo nalo hutoa rangi na feriki.

Kinapokwama

Kosa linalojirudia zaidi haliko kwenye mbinu. Liko kwenye chupa. Benzaldehidi iliyofunguliwa mara nyingi hushika oksijeni ya hewa na kugeuka asidi ya benzoiki taratibu. Piga hesabu: ikiwa asilimia 10 ya aldehidi imeshageuka asidi, na wewe umeweka piperidini asilimia 10, basi kila molekuli ya piperidini imepata asidi yake. Chupani una benzoeti ya piperidiniamu na hakuna amini huru hata kidogo. Dalili ni fuwele nyeupe shingoni mwa chupa ya benzaldehidi. Tiba ni kuiosha aldehidi kwa mmumunyo wa kaboneti ya sodiamu wa asilimia 10, kuosha tena kwa maji, kuikausha kwa salfati ya sodiamu isiyo na maji, kisha kuikeneka. Wapo wanaotibu kwa kuongeza tu piperidini zaidi. Inasaidia kwa siku hiyo, lakini hujui umeongeza ngapi juu ya kiasi kilichofungwa, na siku nyingine utaizidisha.

Kuizidisha kuna gharama yake. Piperidini ni nukleofili, yaani inapenda kuvamia kaboni zilizopungukiwa elektroni, na bidhaa yako inazo. Inaweza kujipachika kwenye kifungo maradufu, au kuifukuza ethanoli kwenye esta na kuigeuza amidi. Ukiona fuwele zinayeyuka kwa nyuzi nyingi zaidi ya kumi kutoka mwanzo hadi mwisho badala ya mbili au tatu, na uliweka amini kwa kukadiria matone, hapo pa kuanzia kushuku pameshajulikana. Piperidini nayo huchakaa: hufyonza kaboni dioksidi ya hewani na kuacha unga mweupe mdomoni mwa chupa, kwa hiyo mL 0.2 za chupa kuukuu si milimoli 2 kweli.

Kosa la pili hutokea mwishoni. Maji baridi yakimiminwa kwa pupa, bidhaa hutoka kama mafuta mazito chini ya chupa, na mafuta hayo huganda yakiwa yamemeza uchafu wote. Dawa ni kupasha tena hadi yayeyuke, kuongeza ethanoli kidogo hadi kuwe na kimiminika kimoja, na kuacha kipoe polepole huku ukikwaruza ukuta wa chupa kwa kijiti cha kioo. Punje ndogo ya bidhaa safi ya zamani, ukiidondosha wakati huo, huwa kiini cha fuwele.

La tatu ni la aldehidi ndogo. Bidhaa ya mmenyuko ina kifungo maradufu kilichonyonywa elektroni na esta mbili, na hicho chenyewe ni shabaha ya anioni nyingine ya maloneti. Kwa aldehidi zenye pete ya kiaromatiki, pete hukilinda kwa kiasi. Formaldehidi haina cha kukilinda. Ndiyo maana ile kazi ya 1894 ya formaldehidi iliishia na maloneti mbili kwenye kaboni moja ya CH2. Kwa aldehidi za namna hiyo unapunguza joto hadi la chumba au la barafu na unaepuka kuzidisha maloneti. Hata hivyo kwa formaldehidi hutaizuia kabisa kwa njia hii.

Upatikanaji wa piperidini pia si wa hivihivi. Iko kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya, kwa hiyo kuiagiza kunahitaji vibali. Kwa mafunzo, asetati ya amoniamu inaweza kushika nafasi yake kwa methilini zilizolegea zaidi, kwani amonia nayo ina haidrojeni za kuiwezesha kuishika aldehidi na chumvi hiyo huja na asidi yake tayari. Mazao yake kwa maloneti huwa duni zaidi.

Mahali amini inaposhindwa

Kanuni ya kidole ni kuangalia pKa ya CH2. Malononitrili iko karibu na 11, asetilasetoni karibu na 9, asidi ya Meldrum karibu na 5. Hizi huungana na aldehidi kwa amini kwa urahisi, na ya mwisho karibu haihitaji kichocheo. Maloneti ya 13 iko kwenye ukingo wa starehe, ndiyo maana inahitaji mchemko wa saa kadhaa. Esta ya asidi ya fenilasetiki, yenye kundi moja la esta na pete moja, iko mbali ng'ambo ya mpaka. Piperidini haiigusi, na hapo ndipo besi kali inapokuwa na haki ya kuitwa.

Asidi ya maloniki yenyewe, isiyo esta, ina mlango wake wa pembeni. Mwaka 1900 Oscar Doebner aliitumia pamoja na krotonaldehidi ndani ya piridini na kupata asidi ya sobiki. Piridiniamu ina pKa ya 5.2 tu, kwa hiyo piridini ni besi dhaifu zaidi ya piperidini mara laki kadhaa. Inafanya kazi kwa sababu baada ya muungano kaboni dioksidi hutoka, na gesi iliyokwishatoka chupani haiwezi kurudi kuusukuma msawazo nyuma. Matone machache ya piperidini ndani ya piridini huharakisha kazi hiyo sana, na sababu ni ileile ya haidrojeni moja kwenye naitrojeni.

Ketoni ni shida ya upande mwingine. Methilini inaweza kuwa imelegea vya kutosha, lakini kabonili ya ketoni imesongamana na haina njaa ya elektroni kama ya aldehidi, na iminiamu yake huzaliwa kwa taabu. Ukileta besi kali hapo, utaongeza anioni zisizo na mahali pa kwenda. Wanaofanikiwa huishughulikia kabonili: huongeza tetrakloridi ya titani, ambayo huishika oksijeni ya ketoni na kuyameza maji, huku piridini ikiendelea na kazi yake ndogo ya kubeba protoni.